Namna ya Kuihakiki Hadithi Fupi kwa Jicho la Ufeministi na Ubaadaukoloni: Mwongozo Kamili, kwa Mfano wa Hadithi ya Mwaloni Kigoma

“Mwanamke amechorwa kama mzalishaji mali. Mwanamke amechorwa kama mama na mlezi. Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe.” Kila aliyesoma fasihi sekondari anazijua sentensi hizi kwa moyo, na zilimpa alama. Ukifika ngazi ya juu, hazikupi tena. Hazina uongo ndani yake. Tatizo ni kwamba zinaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote bila kuifungua. Nikisoma insha za wanafunzi wa hapa Kigoma waliotoka kidato cha sita na kuingia chuo, naikuta orodha hiyohiyo, safari hii imevikwa majina makubwa: mfumodume, ukoloni mamboleo, ukimya wa mnyonge. Orodha imebadilisha nguo tu.

Mwongozo huu unashughulikia jambo moja: namna ya kulifanya jicho la nadharia litazame sentensi. Ufeministi, unaouliza nafasi ya mwanamke, na ubaadaukoloni, unaochunguza alama zilizoachwa na ukoloni, ni viwanja vipana, nami nitachukua kona moja ambapo vinakutana, yaani suala la nani anasema katika hadithi, nani anasemewa, na nani anasikika. Ukiweza kuifanya kona hii vizuri, umepata insha nzima.

Hadithi ya kufanyia kazi

Nimeandika hadithi fupi kwa ajili ya zoezi hili, ili usiikute imeshachambuliwa mahali, na ili kila nitakalodai uweze kulikagua mwenyewe. Isome yote kwanza.

Boti za usiku zilikuwa zimesharudi. Dagaa walimwagwa, wakapimwa, wakaanikwa. Ilipofika saa tatu mchanga wote wa mwalo ulikuwa umegeuka fedha, na mgeni alipiga picha.

Mtoto alimletea kiti cha plastiki. Mgeni aliketi. Mama Shukuru alikuwa chini, mchangani, akichambua. Gervas alisimama kati yao, ameinama, karatasi mkononi.

“Muulize kwa mwezi anapata kiasi gani,” alisema mgeni.

Gervas alimuuliza. Mama Shukuru alijibu kwa Kiha, maneno mengi, mkono ukielekea ziwani, ukielekea kwenye chanja, ukirudi mgongoni kwake.

“Anasema haitoshi,” alisema Gervas, akaandika.

“Muulize kama mume wake anamsaidia.”

Gervas hakumuuliza. “Hamsaidii,” alisema, akaandika. Mama Shukuru aliitazama kalamu.

Maswali yalikuwa arobaini. Jua lilipanda. Wanawake wengine walipita na ndoo, wakasalimia, wakaitikiwa, wakacheka jambo ambalo Gervas hakulitafsiri.

Mwishoni mgeni alisimama, akanyoosha kidole kwenye fungu lililokauka vizuri. Alitaka dagaa wa kupeleka nyumbani. Gervas alishafungua mdomo.

“Elfu thelathini,” alisema Mama Shukuru kwa Kiswahili, “na kipimo ni sado yangu.”

Mgeni alitoa pochi kabla Gervas hajafunga mdomo.

Hatua ya kwanza: soma vitenzi kabla ya nadharia

Chukua kalamu, weka nadharia pembeni, na upigie mstari kila kitenzi. Kisha uliza swali la kisarufi tu: nani mtenda? Kazi hii inachosha na haina fahari, lakini ndiyo inayotenganisha insha ya ngazi ya juu na nyingine zote, kwa sababu hapa unakusanya ushahidi kabla hujajua utauhitaji kwa ajili gani.

Tazama aya ya kwanza. “Walimwagwa, wakapimwa, wakaanikwa.” Vitenzi vitatu katika kauli ya kutendwa, na hakuna mtenda hata mmoja aliyetajwa. Boti zimerudi, lakini boti si mtu. Mchanga umegeuka fedha, lakini mchanga si mtu. Mtu wa kwanza kutenda jambo lolote katika hadithi nzima ni mgeni, na jambo lenyewe ni kupiga picha.

Aliyewahi kusimama Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma ambapo boti hutua, asubuhi anajua mikono ya nani huwa inaanika. Wanaume wengi wametoka ziwani na taa zao na wanakwenda kulala; wanaobaki wakisambaza dagaa, wakigeuza, wakifukuza kunguru na kuokota mchanga uliochanganyika nao, kwa sehemu kubwa ni wanawake. Hadithi inaijua kazi hiyo, imeitaja mara tatu, na mara zote tatu imewaondoa wanaoifanya. Andika jambo hili pembeni mwa karatasi. Usiseme bado kwamba ni mfumodume. Andika tu: kazi ipo, mtenda hayupo, wa kwanza kutenda ni mwenye kamera.

Endelea hivyo mpaka mwisho. Utaona Mama Shukuru anaanza na vitenzi vyepesi: alikuwa chini, akichambua. Baadaye anajibu, kisha anaitazama kalamu, na mwisho anasema. Utaona pia Gervas anaandika mara mbili, na mara ya pili anaandika jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Hatua ya pili: hesabu kauli

Sasa chora safu mbili. Katika safu ya kwanza weka maneno yaliyonukuliwa moja kwa moja, ndani ya alama za kunukuu. Katika ya pili weka maneno tunayoambiwa kwamba yalisemwa, bila kuyasikia.

Safu ya kwanza ina kauli mbili za mgeni, mbili za Gervas na moja ya Mama Shukuru. Safu ya pili ina jibu refu la Mama Shukuru kwa Kiha, salamu za wanawake, na kicheko chao. Yaani aliyesema mengi kuliko wote katika mahojiano yale ndiye tuliyemsikia kidogo kuliko wote. “Maneno mengi,” anatuambia msimulizi, halafu anatuonyesha mkono ukizunguka.

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia kumkamata Gervas. Kweli, amefupisha maneno mengi kuwa “haitoshi.” Lakini rudi kwenye sentensi. Aliyetunyima jibu lile si Gervas. Gervas alimnyima mgeni. Sisi wasomaji tumenyimwa na msimulizi, ambaye anaona mpaka mkono unaporudi mgongoni, na bado hakutupa neno hata moja la jibu lile. Tofauti kati ya mkalimani wa ndani ya hadithi na msimulizi wa hadithi ndiyo mlango wa insha hii. Bila kuiona utaandika kurasa nane juu ya ubaya wa Gervas.

Hatua ya tatu: chagua swali moja la nadharia, si nadharia nzima

Baada ya ushahidi ndipo unamwita mwananadharia, na umwite kwa kazi maalumu. Kwa hadithi hii ninayemhitaji zaidi ni Gayatri Spivak, mwananadharia wa ubaadaukoloni kutoka India, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1988 inayouliza kama mtu wa chini kabisa anaweza kusema.

Mambo mawili kutoka kwake yanatosha. La kwanza: anatenganisha aina mbili za uwakilishi ambazo huwa tunazichanganya. Kuna kumwakilisha mtu kwa kumsemea, kama mbunge au wakili anavyofanya, na kuna kumwakilisha kwa kumchora, kama mchoraji au mwandishi anavyofanya. Anayekuchora hujificha kwa urahisi zaidi, maana huonekana kama anaonyesha tu. La pili: anaposema mnyonge hawezi kusema, hasemi kwamba hana mdomo. Anasema kwamba hata akisema, hakuna mkondo wa kuyapokea maneno yake kama maneno. Mfano wake wa mwisho ni wa msichana aliyejinyonga Kolkata mwaka 1926, akiwa mwanaharakati wa siri aliyepewa kazi asiyoweza kuitekeleza. Alisubiri awe katika siku zake ndipo ajiue, ili isidhaniwe amejiua kwa sababu ya mimba ya aibu. Aliusema ujumbe kwa mwili wake, na bado jamaa zake mwenyewe waliusoma kama kisa cha mapenzi haramu.

Sasa ona jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa juu ya ushahidi wako. Gervas anasemea. Msimulizi anachora. Na mkono wa Mama Shukuru unaorudi mgongoni ni ujumbe wa mwili ambao kwenye karatasi umegeuka “haitoshi.” Hukulazimisha kitu, kwa kuwa ushahidi ulikuwepo kabla Spivak hajafika.

Kwa insha ya maneno 2000, nadharia isizidi maneno 250, na isirundikwe yote mwanzoni. Wanafunzi wengi hufungua na kurasa mbili za historia ya ufeministi, kisha Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, kisha fasili ya ukoloni mamboleo, na hadithi yenyewe inaingia insha ikiwa imechoka. Mtihani wangu ni rahisi: futa jina la hadithi katika ukurasa wa kwanza. Kama ukurasa bado unaeleweka na haujapoteza kitu, uondoe.

Hatua ya nne: acha jicho moja likague jingine

Insha ya ngazi ya juu haitumii macho mawili kwa zamu, sehemu ya kwanza ufeministi na ya pili ukoloni. Inayagonganisha. Na hadithi yetu ina sehemu tatu ambapo yanagongana.

Anza na mgeni. Katika insha utakazosoma utamkuta ameshakuwa “Mzungu” kufikia aya ya pili, na mara nyingi “Mzungu mwanamume.” Rudi kwenye hadithi utafute. Rangi yake haijatajwa. Jinsia yake haijatajwa, na sarufi ya Kiswahili haikulazimisha itajwe. Hata lugha yake haijatajwa. Anaweza kuwa mwanamke. Anaweza kuwa ametoka Dar es Salaam. Ukimwita Mzungu umemaliza maswali yote kabla hujayauliza, na umeiingiza kwenye matini picha uliyokuja nayo.

Tuchukue kwanza uwezekano kwamba ni mwanamke msomi aliyekuja kuandika juu ya wanawake wa mwaloni. Hapo anaingia Chandra Talpade Mohanty, mwananadharia wa ufeministi. Mwaka 1984 alichambua maandishi ya wanaufeministi wa Magharibi, akaonyesha jinsi yalivyokuwa yakimtengeneza “mwanamke wa Ulimwengu wa Tatu” aliye mmoja tu kila mahali: maskini, mjinga, mtegemezi, mhanga. Sasa lisome swali la mgeni: “Muulize kama mume wake anamsaidia.” Ndani ya swali tayari kuna mume, na tayari kuna mwanamke wa kusaidiwa. Halina nafasi ya jibu kwamba yeye ndiye anayemsaidia mume, au kwamba mume hayupo. Gervas hakuhitaji kuuliza kwa sababu swali lilishakuja na majibu yake mawili, ndiyo au hapana, na yote mawili yanamwacha Mama Shukuru akiwa anayehitaji msaada. Kwa hiyo kosa la Gervas limetangulizwa na swali lenyewe. Bila ubaadaukoloni, jicho la ufeministi lingemuona Gervas tu, mwanamume anayemnyamazisha mwanamke, na kumwacha aliyetunga maswali arobaini akae kwenye kiti chake salama.

Sasa uwezekano wa pili, kwamba mgeni ni Mtanzania. Frantz Fanon, daktari na mwandishi aliyepinga ukoloni, alionya mwaka 1961 juu ya tabaka la wasomi wa taifa jipya linalokalia viti vya mkoloni bila kuvibadilisha. Hadithi ina kiti kweli, cha plastiki, kilicholetwa na mtoto. Usipandishe kiti kuwa ishara ya dola nzima. Sema tu kwamba mpangilio wa miili, mmoja kitini, mmoja mchangani, mmoja akiinama katikati, unabaki uleule hata ngozi ya aliyeketi ikibadilika.

Sehemu ya tatu inatugusa sisi tunaosoma Kiswahili, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Maneno ya mgeni yamefika kwetu kwa Kiswahili safi. Maneno ya Mama Shukuru kwa Kiha hayakufika. Tumezoea kukitazama Kiswahili kama lugha iliyoonewa na Kiingereza, na katika ofisi nyingi ndivyo kilivyo. Lakini mkoani Kigoma Kiswahili kina historia nyingine pia. Kilifika Ujiji pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na utawala wa Wajerumani ukakitumia kama lugha ya kazi ya maakida na makarani. Mbele ya bibi anayesema Kiha kimekuwa lugha ya karatasi, ya anayeuliza na kuandika. Hadithi yetu inamfanya msomaji wa Kiswahili amwelewe mgeni bila jasho na asimwelewe mwanamke wa mwaloni. Mwanafunzi atakayeiona nafasi yake mwenyewe kama msomaji, na kuiandika bila kujipigapiga kifua, ameandika ubaadaukoloni wa kweli, maana ameacha kuutafuta ukoloni Ulaya peke yake.

Kuna mtego mmoja mdogo. Utatamani kuandika kwamba jina “Mama Shukuru” linamfuta mwanamke kwa kumtambulisha kupitia mtoto. Tahadhari. Mtaa mzima wa Mwanga hapa Kigoma unaitana Mama fulani na Baba fulani, na ni heshima. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo hadithi yenyewe inaonyesha jina likitumika kumpunguza mtu, na hii yetu haionyeshi. Iache.

Hatua ya tano: jenga dai kuu, kisha uliponde

Dai la kwanza linalomjia kila mtu ni hili: “Hadithi inaonyesha jinsi mfumodume na ukoloni mamboleo vinavyomkandamiza mwanamke wa Kiafrika.” Litupe. Linafaa hadithi elfu moja, na halitaji umbo la hii hata kidogo.

La pili ni bora: “Mama Shukuru hana sauti kwa sababu Gervas anamsemea.” Linataja wahusika na tendo. Lakini linavunjwa na aya ya kumi, ambapo Mama Shukuru anasema, tena kwa Kiswahili. Dai linalovunjwa na mwisho wa hadithi ni la mtu aliyeacha kusoma katikati.

La tatu linahitaji kubeba ushahidi wote, pamoja na unaokusumbua: “Ingawa Gervas ndiye anayeonekana kumpokonya Mama Shukuru kauli, msimulizi naye anamnyima kauli ya moja kwa moja mpaka mwisho, na kwa kumpa kauli hiyo penye bei peke yake, hadithi inaonyesha kwamba mahojiano yaliyodai kumsikiliza ndiyo mahali ambapo hakuweza kusikika.” Dai hili linaweza kubishiwa na mtu mwenye akili. Lina sehemu ya umbo, yaani kauli ya moja kwa moja na mahali inapotokea, na lina sehemu ya maana. Na neno “ingawa” linakulazimisha kushughulikia usomaji wa kwanza kabla ya kuuvuka. Ukikwama, anza sentensi yako na “ingawa” uone kama una kitu cha kuweka baada yake. Ukikosa, bado huna dai, una mada.

Hatua ya sita: aya moja, kwa ukaribu

Hivi ndivyo ningeiandika aya ya kwanza ya uchambuzi:

“Aya ya ufunguzi inawaficha wafanyakazi wake ndani ya kauli ya kutendwa. Dagaa ‘walimwagwa, wakapimwa, wakaanikwa’: vitenzi vitatu bila mtenda hata mmoja. Mtu wa kwanza kutenda mwaloni ni mgeni, naye ‘alipiga picha’. Mpangilio huu unamweka msomaji nyuma ya kamera, akiuona mchanga uliogeuka fedha bila kuiona mikono iliyougeuza. Msimulizi ameanza kufanya, kwa utulivu, kile ambacho Gervas atakifanya hadharani. Spivak (1988) anatenganisha uwakilishi wa kumsemea mtu na ule wa kumchora. Hapa uchoraji unatangulia na kuusafishia njia usemeaji, kwa kuwa kazi iliyokwisha kukosa mwenyewe ni rahisi kufupishwa kuwa ‘haitoshi’.”

Angalia mwendo wake. Dai dogo la umbo linatangulia. Dondoo ni fupi na limeshonwa ndani ya sentensi, halikuning’inizwa peke yake kama aya. Spivak anaingia mwishoni, akiwa na kazi moja, na sentensi inayomtaja inarudi kwenye neno la hadithi. Mwanafunzi anayemtanguliza Spivak huishia kuitumia hadithi kumthibitisha yeye, wakati Spivak hahitaji uthibitisho wetu. Kama aya yako inamalizika na jina la mwananadharia au nukuu yake, iandike upya imalizike na maneno ya matini.

Hatua ya saba: mpe mpinzani wako hoja iliyo bora

Hapa insha nyingi zilizokuwa zinakwenda vizuri hulegea. Huweka pingamizi dhaifu, “wengine wanaweza kusema hadithi haihusu wanawake,” kisha hulipiga teke. Tafuta lenye meno.

Pingamizi lenye meno kwa dai letu ni hili: mwisho ni ushindi. Mama Shukuru anajua Kiswahili. Huenda alikijua tangu asubuhi na alichagua Kiha, akiwaacha Gervas na mgeni wahangaike na karatasi yao. Basi ukimya wake si wa kunyimwa, ni wa kukataa. Na kuna ushahidi mzuri upande huo, ambao wewe uutaje kabla ya mpinzani. Katika aya ya kwanza dagaa “wakapimwa” na hatujui na nani wala kwa kipimo gani. Katika kauli yake pekee Mama Shukuru anasema “kipimo ni sado yangu.” Kitenzi kilichokosa mwenyewe asubuhi kimempata mwenyewe mwishoni. Anayejua biashara ya dagaa anajua uzito wa maneno hayo, maana bei bila kujua kipimo ni cha nani haina maana. Sado iliyobonyea ndani inakula faida ya siku.

Ukubali ushahidi huo wote. Kisha uliza unaliacha wapi dai lako. Mgeni “alitoa pochi kabla Gervas hajafunga mdomo.” Amemsikia papo hapo, bila mkalimani, kwa sababu sasa anataka kitu. Lakini karatasi yenye majibu arobaini, likiwemo jibu la swali ambalo halikuulizwa, hadithi haisemi kwamba imechanwa wala kusahihishwa. Amesikika kama muuzaji, kama shahidi wa maisha yake mwenyewe bado ameandikiwa “haitoshi” na “hamsaidii.” Kwa hiyo pingamizi halilivunji dai, linalibana: soko limempa sikio ambalo utafiti haukumpa, na sikio hilo lina ukubwa wa sado moja.

Kuhusu kama alichagua kunyamaza, kuwa makini na vitenzi vyako mwenyewe. Hadithi haisemi kwamba alichagua. Andika “matini inaruhusu,” usiandike “matini inathibitisha.” Msahihishaji mzuri huiona tofauti hiyo haraka.

Mipaka ya jicho lenyewe

Ngazi ya juu inataka pia uonyeshe pale ambapo nadharia haikutoshi. Spivak hakulikusudia jina la mtu wa chini kabisa kwa kila anayeonewa. Analiwekea mpaka mkali: ni yule aliyekatwa na njia zote za kupanda na kusikika, na amelalamika mara kadhaa kwamba watu wanalitumia ovyo. Je, Mama Shukuru ni huyo? Ana fungu la kuuza, ana kipimo chake, anapanga bei. Yawezekana wa chini zaidi katika hadithi ni mtoto aliyeleta kiti, aliyepewa kitenzi kimoja tu, au wanawake waliopita na ndoo, ambao pengine wanabeba dagaa wa wengine kwa ujira. Jicho letu lilikuwa limemkazia Mama Shukuru kwa sababu ndiye mwenye jina. Aya moja juu ya hilo, kabla ya hitimisho la insha, ina thamani kuliko kurasa mbili za kurudia yaliyokwisha kusemwa.

Mpaka mwingine ni wa mahali. Makala ya Spivak imejengwa juu ya Bengali nchini India na juu ya desturi ya wajane kuchomwa moto na maiti za waume zao, iliyopigwa marufuku na Waingereza mwaka 1829. Kutoka hapo anaonyesha jinsi mwanamke alivyopotea kati ya wanaume wa pande mbili waliokuwa wakigombea kumsemea. Umbo la hoja linasafiri mpaka Kibirizi, historia haisafiri. Sema ni kipi unachochukua, na uache kingine huko kilikotoka.

Kabla ya kuwasilisha

Soma insha yako ukitafuta mambo machache. Tafuta kila mahali ulipoandika “mwanamke wa Kiafrika” na uweke jina la mhusika; kama sentensi inakuwa uongo ukiweka jina, ifute. Hesabu aya zisizo na dondoo hata moja kutoka kwenye hadithi. Zaidi ya mbili ni nyingi. Angalia kama “msimulizi” na “mwandishi” umevitumia kana kwamba ni kitu kimoja, kosa ambalo katika insha hii lingeliua dai zima, kwa kuwa unachokichunguza ni ukimya wa msimulizi na huna habari ya kilichokuwa moyoni mwa mwandishi. Mwisho, mpe mwenzako ambaye hajaisoma hadithi asome insha yako, kisha akuambie nani alikuwa ameketi wapi. Akishindwa, umeandika juu ya nadharia. Rudi mchangani kwenye aya ya pili, uanze tena na vitenzi.